Kirusi au Kifaa Kibovu? Pima Kabla ya Kupiga Windows

Laptopu ikianza vituko, wengi huku Kanda ya Ziwa husema ina virusi na kuipeleka ikapigwe Windows upya. Laptopu ya mnunuzi mmoja wa dhahabu wa Katoro, mkoani Geita, ilikuwa imepigwa Windows mara mbili ilipofika mezani kwangu. Bado ilikuwa nzito, feni ikivuma, na ilizima ghafla kila baada ya muda. Tena kila flashi iliyochomekwa ilijaa shotikati badala ya mafolda.

Kwanza niliiondoa Windows kwenye lawama. Niliiwasha huku nikibonyeza F2 (nyingine hutumia F10 au Del) mpaka ukurasa wa BIOS, nikaiacha hapo. Windows ikiwa haijawaka, kirusi cha kawaida hakina pa kufanyia kazi. Laptopu ilizima vilevile. Hapo hitilafu ni ya kifaa.

Nilipoifungua, vumbi la karasha lilikuwa limeziba vibati vya kupozea kama blanketi. Prosesa ikikaribia nyuzi joto 100 hujipunguzia kasi, na joto likizidi, mashine hujizima isiungue. Kwa hiyo uzito na kuzima vilikuwa na chanzo kimoja. Nilisafisha, nikabadilisha pesti ya kupozea, ikatulia.

Lakini vumbi halitengenezi shotikati. Hicho kilikuwa kirusi kweli: huficha mafolda halisi na kuweka shotikati zenye majina yaleyale. Ukibofya, folda linafunguka na kirusi kinaamka, nawe hugundui lolote. Windows mpya haikusaidia kwa sababu flashi ileile ilikirudisha. Nilisafisha laptopu kwa Microsoft Defender, kisha flashi, nikafuta shotikati na kufichua mafolda. Kama flashi yako ni E, andika hivi kwenye Command Prompt:

```
attrib -h -r -s /s /d E:\*.*
```

Mashine ikivumilia kwenye BIOS, usiitangaze nzima, maana pale diski haifanyi kazi kubwa. Washa Windows, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, usubiri dakika kumi bila kufungua programu. CPU ikibaki juu, soma jina la programu inayoila: huenda ni Windows Update, au ni programu iliyojipenyeza. CPU ikiwa chini lakini feni inavuma, shuku vumbi. Disk ikisimama kwenye 100% huku kasi ya kusoma ikiwa ndogo mno, na mafaili yanagoma kufunguka, shuku diski inayokufa.

Diski ikifikia hapo, usianze na antivairasi, kwa kuwa kukagua kila faili huichosha zaidi na inaweza kufa katikati ya kazi. Nakili kwanza hesabu, mikataba na picha zako kwenye diski nyingine. Na fundi akikuambia upige Windows, mwombe kwanza akuonyeshe alichopima.