Nyanya na Viazi ni Ndugu

Zoezi la somo la Kilimo linasomeka jepesi. Una ekari moja Lushoto, takribani mita za mraba 4,000, na mazao manne: mahindi, maharage, nyanya na viazi mviringo. Panga mzunguko wa mazao. Wanafunzi wengi huchora vipande vinne, kila zao likapewa chake, kisha kila msimu mazao yakahamia kipande cha pili.

Mchoro unapendeza, ila umeingia mtegoni. Nyanya na viazi ni ukoo mmoja, pamoja na bilinganya na pilipili, na wote hushambuliwa na mnyauko wa bakteria. Vimelea vyake hubaki udongoni baada ya mavuno. Ukihesabu koo badala ya majina, una mazao matatu tu, na kipande kilichotoa nyanya kitapokea viazi kabla udongo haujapata nafuu.

Jibu bora ni kuwaweka ndugu hao pamoja, nusu kwa nusu, katika kipande kimoja. Kipande kinachobaki kipewe kabichi. Mfuatano uwe nyanya na viazi, kabichi, maharage, halafu mahindi. Mahindi hufuata maharage kwa sababu vinundu vya mizizi ya maharage hunasa naitrojeni ya hewani. Msaada wenyewe si mkubwa kama vitabu vinavyodokeza, maana sehemu kubwa huondoka na punje. Masalia yarudishwe shambani, na mahindi bado yatataka samadi. Kwa misimu miwili kwa mwaka, ukoo wa nyanya unarudi pale pale baada ya miaka miwili.

Hata hivyo, viazi vilivyosahaulika ardhini huchipua katikati ya kabichi na kuulea ugonjwa kimyakimya. Ving'olewe. Mnavu nao ni wa ukoo huo huo, hata kama ni mboga ya nyumbani. Mche ukinyauka ungali kijani, kata shina lake ulitumbukize katika glasi ya maji safi: uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato, ni bakteria.

Nafasi za kupandia ni hesabu tu. Mahindi ya sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo, huchukua mita za mraba 0.225 kila mmoja, hivyo kipande kizima kinabeba miche 4,444. Mwenye tamaa akipanda kwa sentimita 15 anapata 8,888, yenye mabua membamba na magunzi yasiyojaa. Kwa nyanya, 75 kwa 50 ni kwa ajili ya hewa: kwenye ukungu wa Usambara, majani yaliyobanana hukauka kwa kuchelewa, na bakajani huenea kwenye majani yenye unyevu.

Na kuna jambo ambalo mchoro wa daftarini hauonyeshi. Lushoto ni milima. Msimu nyanya zikiwa kipande cha juu, maji ya mvua yataushusha ugonjwa hadi vipande vyote vya chini, isipokuwa mtaro wa kuyakinga uchimbwe kabla ya kupanda.