"Mgonjwa Amegoma Kula": Sentensi Isiyotosha Kwenye Faili

Fungua mafaili ya wodini na hutakosa kuikuta sentensi hii: "Mgonjwa amegoma kula." Muuguzi wa zamu ya usiku anayeisoma hajui kama mtu huyo hawezi kumeza, anasikia kichefuchefu, kinywa kimejaa utando mweupe wa fangasi, au mofini imemfungisha choo siku kadhaa. Fangasi ina dawa, na choo vilevile. Neno "amegoma" limeshamlaumu mgonjwa kabla hajachunguzwa.

Ubaya wa sentensi hiyo unaonekana zaidi kwenye saratani ya umio, ile njia inayopeleka chakula tumboni. Ni saratani inayoonekana sana mashariki mwa Afrika, tangu Ethiopia hadi Malawi, na wengi hufika hospitali ugali umeshakataa kupita. Ndipo linapokuja suala la mpira wa kulishia.

Tuchukue mfano wa mzee wa miaka 67. Saratani imefika kwenye ini, haiponi tena, na anameza uji mwepesi tu. Lakini ana njaa, anatembea mwenyewe, akili yake ni timamu. Daktari wa huduma shufaa hamwulizi kwanza kama anataka mpira. Anamwuliza: "Mzee wangu, siku hizi unatamani nini zaidi?" Anajibu kwamba anataka nguvu za kurudi nyumbani awagawie wanawe shamba akiwa hai. Jibu hilo linaandikwa kwa maneno yake mwenyewe. Kama amesema kwa Kichaga, linaandikwa pia jina la aliyetafsiri, kwa sababu mtoto anayetafsiri anaweza kupunguza au kuongeza bila kukusudia.

Wanakubaliana kujaribu mpira mwembamba wa kupitia puani. Faili linasomeka hivi: "Lengo: apate nguvu za kurudi nyumbani kugawa shamba. Jaribio la siku 14, kisha tukae tena na mgonjwa na familia. Tutaendelea akiweza kutembea hadi chooni na kukaa na wageni. Tutasimamisha akipaliwa, akitapika mara kwa mara, au akisema mwenyewe basi."

Uzito haukufanywa kipimo pekee, kwa kuwa miguu ikijaa maji mizani hupanda huku misuli ikiisha. Muuguzi naye anaandika alama ya sentimita inayoonekana puani, ili mpira ukichomoka kidogo ijulikane. Kabla ya kulisha, majimaji yaliyovutwa kwenye mpira yanapimwa kwa karatasi ya asidi, na kipimo kisizidi 5.5. Kikizidi, halishwi hadi ihakikishwe kwamba mpira haujaingia mapafuni.

Jaribio linafaulu na mzee anarudi kwake. Majuma kadhaa baadaye analetwa tena. Sasa analala karibu kutwa, njaa hasikii, na kila akilishwa anatapika na kukohoa. Bintiye anasema, "Daktari, msimwache baba afe na njaa. Basi hata dripu!"

Kwa maoni yangu, hapa ndipo madaktari hukimbilia kuandika "familia imeelimishwa" na kuondoka. Binti anastahili maelezo. Saratani ikifika hapo huchochea mwili kuteketeza misuli yake wenyewe, na chakula kinachoongezwa hakijengi tena. Dripu ya sukari ya asilimia 5 ina gramu 50 tu za sukari kwa lita, kalori zisizozidi 200, na maji yenyewe yanaweza kujaa miguuni na kifuani. Kiu ya siku za mwisho mara nyingi hutokana na kukauka kinywa, na kulowesha midomo kila baada ya muda mfupi humpa nafuu.

Mzee, katika saa aliyoamka vizuri, anasema mpira utolewe. Safari hii faili linaeleza kwamba alikuwa na akili timamu alipoamua, nani walikuwepo, na kwamba binti hakuafiki mwanzoni na aliogopa nini. Kisha linaandika yatakayoendelea: "Aonjeshwe chai au uji kijiko kimoja kimoja akiomba, akiwa ameinuliwa. Kinywa kisafishwe. Mofini iendelee. Mpira usirudishwe." Bila mistari hiyo, daktari wa zamu anayekutana na familia inayolia saa nane usiku atarudisha mpira, naye si wa kulaumiwa.

Karatasi ya ruhusa ndiyo husahaulika zaidi. Mgonjwa akizidiwa nyumbani, hupelekwa kituo cha afya ambako hakuna anayejua walichokubaliana. Kabla ya kutoka wodini, mwombe muuguzi akusomee uamuzi wa chakula ulivyoandikwa, pamoja na sababu yake, na uhakikishe umo kwenye karatasi unayoondoka nayo.