Mbuzi Juu ya Boneti Anatafuta Nini?

Katika vilima vya Mwanza, maeneo kama Igogo na Mabatini, watu wamejenga katikati ya mawe makubwa. Nyumba nyingine zimechimbiwa kwenye mteremko, hata ukingo wa paa upande wa nyuma unakaribia kuwa sawa na ardhi. Mbuzi akitoka jiweni hahitaji zaidi ya hatua moja, na mara mabati yanalia. Huko juu hakuna majani wala maji, na kivuli hakipo kabisa. Husimama, hutazama bondeni, hucheua kidogo, kisha hushuka. Wenye nyumba husema ni utundu, na wala hawakosei sana, ila utundu huo una historia ndefu na una sababu zinazoweza kuchunguzwa.

Swali la "kwa nini" hapa lina sura zaidi ya moja. Nikolaas Tinbergen, mmoja wa waasisi wa elimu ya tabia za wanyama, aliandika mwaka 1963 kwamba mtu anayeuliza kwa nini mnyama anafanya jambo fulani anaweza kuwa anauliza kinachomsukuma sasa hivi, au faida ambayo tabia hiyo iliwaletea wazazi wake wa kale. Majibu ya maswali hayo mawili si lazima yafanane. Mbuzi aliye juu ya paa anaweza asiwe na faida yoyote anayoipata pale leo, na bado tabia yake ikawa imetokana na faida kubwa ya zamani.

Mbuzi wote tunaofuga wametokana na mbuzi-mwitu wa milima ya Asia ya Magharibi, ambao hadi leo wanaishi Uturuki na Irani. Walianza kufugwa huko yapata miaka 10,000 iliyopita, na miongoni mwa ushahidi wa zamani zaidi ni mifupa iliyofukuliwa katika milima ya Zagrosi. Mbuzi hao wa mwituni hawategemei mbio ndefu kujiokoa. Chui au mbwa mwitu akitokea, hukimbilia kwenye majabali yenye mteremko mkali, mahali ambapo adui hawezi kufuata bila kuhatarisha shingo yake. Hivyo aliyekaa mbali na majabali aliliwa, na aliyekaa karibu nayo alizaa. Baada ya vizazi vingi namna hiyo, wakabaki wanyama wanaovutwa na mahali pa juu hata kabla adui hajaonekana, kwa kuwa anayesubiri kumwona adui ndipo atafute jabali huwa amechelewa.

Ukitaka kuona urithi huo kwa macho yako, chunguza zizi lenye mbuzi na kondoo pamoja siku ambayo mbwa mgeni amepita. Kondoo hukusanyika, hubanana, kisha hukimbia kama kundi moja. Mbuzi hutawanyika. Mmoja hupanda kichuguu, mwingine rundo la matofali, wa tatu hurukia mkokoteni, na wakishafika juu hugeuka kumtazama mbwa. Wachungaji wanaochanganya wanyama hawa wanalifahamu jambo hilo vizuri.

Mwili wa mbuzi umeumbwa kwa kazi hiyo ya kupanda. Kila kwato ina vidole viwili vinavyoweza kutanuka na kubana. Ukingo wa nje wa kwato ni mgumu na hushika kwenye kijipenyo chembamba cha jiwe, ilhali sehemu ya ndani ni laini na hukamata uso wa mwamba kama soli ya mpira. Nyuma na juu kidogo ya kwato kuna vidole vingine viwili vidogo visivyogusa chini kwenye tambarare, lakini wakati wa kuteremka hugusana na mwamba na kumpunguzia mbuzi mwendo. Macho nayo yana lao. Mboni yake ni mstari mpana uliolala, unaomwezesha kuona karibu pande zote bila kugeuza shingo. Mwaka 2015 Martin Banks wa Chuo Kikuu cha Kalifonia, Berkeley, na wenzake walieleza kwamba mnyama wa aina hii akiinamisha kichwa kula, jicho huzunguka ndani ya tundu lake, hata kufikia nyuzi 50, ili mboni ibaki sambamba na ardhi. Kwa hiyo anaweza kula huku akilinda upeo wa macho. Ukimpandisha mnyama mwenye macho hayo mita moja au mbili juu ya vichaka, umemwongezea eneo analoweza kulilinda.

Hayo yote ni faida ya zamani. Kinachomsukuma leo kinaonekana vizuri zaidi kwa vitoto. Kitoto cha mbuzi husimama muda mfupi tu baada ya kuzaliwa, na kikishapata siku chache huanza kuruka: juu ya kisiki, juu ya jiwe, juu ya mgongo wa mama aliyelala. Hupanda, hujipinda hewani, hushuka, hupanda tena. Hakifukuzwi na yeyote na hakuna chakula huko juu. Kwake kupanda kwenyewe kunafurahisha, kama ambavyo kula kunafurahisha kabla mnyama hajajua lolote kuhusu lishe. Asili haikumfundisha mbuzi kupiga hesabu ya usalama, ilimpa tu hamu ya kwenda juu. Hamu hiyo haitofautishi mwamba wa Zagrosi na boneti ya pikapu, kwani vyote viwili ni kitu kigumu kilichoinuka chenye nafasi ya kuweka miguu minne.

Sasa tulichukue gari hilo. Pikapu imeegeshwa uani, mahali wanapokaa mbuzi saba au wanane wa kienyeji. Boneti iko karibu mita moja kutoka chini, na bampa ni ngazi tosha, kwa hiyo mbuzi mzima hupanda kwa mruko mmoja au miwili. Mwenye gari huona mikwaruzo na kinyesi tu. Akikaa pembeni asubuhi moja akatazama kwa utulivu, ataona mambo tofauti yanayofanana kwa mbali.

Vitoto vikipanda na kushuka mfululizo, ule ni mchezo. Mbuzi mmoja akipanda mapema, gari likiwa limetoka safari na asubuhi ina baridi, akalala na kucheua, huyo amefuata joto la injini na mahali pakavu. Mbuzi huchukia tope na majimaji, na baada ya mvua boneti inaweza kuwa ndiyo sakafu kavu pekee uani. Wakipanda kadhaa kwa ghafla, masikio mbele, wote wakikabili upande mmoja, na mmoja akatoa sauti kali ya puani kama chafya, hapo kuna kitu wamekiona au wamekinusa, na inafaa kutazama upande wanaotazama.

Lakini jambo ambalo watu wengi hawalitambui ni cheo. Kundi la mbuzi lina wakubwa na wadogo, na mpangilio huo hulindwa kwa pembe na vitisho kila siku. Mahali pa juu ni mali inayogombewa, kwa hiyo jike mwenye cheo akifika, aliyekuwa juu ya boneti hushuka bila hata kuguswa. Hata hivyo, mara nyingi anayeonekana juu ni mnyonge. Yeye huenda huko kwa kuwa uani hana pa kukaa bila kukumbwa. Akiwa juu, mwenye kutaka kumpiga lazima aruke, na kuruka huku ukishambulia si rahisi. Watafiti wa Uswisi walichapisha mwaka 2009 matokeo ya majaribio yao katika mabanda ya mbuzi wachache: walipoweka majukwaa na vizuizi vya kuwakinga wasionane, ugomvi ulipungua. Kwa hiyo jike yuleyule akionekana juu ya gari kila siku, tena saa za kula, chunguza hori. Pengine ni fupi, mbuzi wote hawatoshi kula kwa wakati mmoja, na yeye ameacha kushindana.

Ipo pia sababu ambayo hujificha kabisa machoni pa mpita njia, nayo ni madini. Kwenye bwawa la Cingino, kaskazini mwa Italia, mbuzi-mwitu wa milima ya Alpi hupanda ukuta wa mawe ulio karibu wima kabisa. Picha zake zimezunguka duniani kama kioja kisicho na maana, lakini wanyama hao hulamba chumvi zinazotoka kwenye mawe ya ukuta. Kwa mbuzi wa nyumbani dalili ni ulimi. Anayepanda kwa ajili ya kupanda huinua kichwa na kutazama mbali, ila anayetafuta madini huinamisha pua na kulamba chuma, saruji au ukuta. Huyo mwekee jiwe la chumvi, na akishapata hamu yake ya kulamba gari itapungua. Hamu ya kupanda itabaki.

Kosa la kawaida ni kumfukuza mbuzi aliye juu ya paa kwa fimbo na kelele kutoka chini. Mtu anayepiga kelele chini ndiye adui ambaye ukoo mzima wa mbuzi umeumbwa kumkimbia, na adui akiwa chini, usalama uko juu zaidi. Atapanda hadi kilele cha paa, au ataruka upande ambao hakupandia. Mabati ya geji 30 ni membamba, na kwato zikikanyaga katikati ya papi mbili hubonyea, misumari hulegea, na mvua ijayo itavuja. Afadhali uiache wazi njia aliyopandia, usimame mbali nayo, utikise chombo cha pumba mahali anapokiona. Jike mwenye mimba iliyokomaa, yaani mwezi wa mwisho wa ile mitano anayobeba, asiharakishwe kabisa, maana kuanguka au kukumbwa na mwenzake akiwa juu kunaweza kuharibu mimba.

Njia ya kuokoa gari na paa ni kumpa mbuzi mahali pake pa juu. Majukwaa ya mbao au mawe yenye kimo cha kati ya nusu mita na mita moja yanatosha, yakiwa ya ngazi tofauti. Yakae mbali na uzio kwa mita mbili hivi, la sivyo utakuwa umewajengea daraja la kutorokea. Uso wake uwe mkavu na wa kukwaruza, usiwe chuma laini. Muhimu zaidi, kila jukwaa liwe na njia mbili za kushukia. Jukwaa lenye njia moja hugeuka mtego: mwenye cheo husimama mlangoni, mnyonge hubaki juu bila chakula au hurukia vibaya na kuumia mguu. Baada ya kuweka jukwaa, tazama nani analitumia saa za kula. Likishikwa na jike mmoja mchana kutwa na wengine wakarudi kwenye boneti, ongeza la pili upande wa pili wa ua, mbali kiasi kwamba hawezi kuyalinda yote mawili.