Sura Mpya, Mtu Yule Yule

Wafuatiliaji wa tamthilia wanazijua mbinu hizi. Mwigizaji amejitoa, lakini mhusika wake bado anahitajika, basi anaungua moto, anafungwa bandeji, na bandeji zikifunguliwa tunamwona mtu mwingine kabisa. Ndivyo Dynasty ya Marekani ilivyomfanya Steven Carrington mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya mlipuko kwenye mtambo wa mafuta. Upasuaji huo, inaonekana, ulimbadilisha hadi sauti.

Hila ya namna hiyo huwezi kuitumia mara mbili kwa mtu mmoja bila kuchekwa. Doctor Who ya BBC imebadilisha mwigizaji mkuu zaidi ya mara kumi tangu ianze mwaka 1963, na siri yake ni kwamba haikuficha mabadiliko. Iliyaingiza ndani ya hadithi.

Mwaka 1966 William Hartnell, aliyeigiza Daktari, msafiri wa nyakati anayezunguka ndani ya kibanda cha bluu cha polisi, alikuwa mgonjwa. Mishipa yake ya damu ilikuwa imekakamaa, na mistari ya kuigiza ilizidi kumtoka kichwani. Watayarishaji wakajikumbusha jambo moja: Daktari si binadamu. Nani basi ameweka sheria kwamba mwili wake lazima ufanye kazi kama wetu? Katika sehemu ya mwisho ya The Tenth Planet, Oktoba 1966, mzee anaanguka sakafuni, picha inafurika mwanga mweupe, na mwanga ukipungua uso uliolala pale ni wa Patrick Troughton. Mkanda wa sehemu hiyo ulipotea baadaye. Kipande hicho kifupi kimesalia kwa sababu kipindi cha watoto, Blue Peter, kilikirusha tena mwaka 1973.

Lakini mwanga ni kazi ya fundi tu. Kazi ngumu ya mwandishi ilianza wiki iliyofuata. Daktari mpya alikuwa mfupi, mcheshi, mpuliza filimbi, hana lolote la yule mzee mkali. Wenzake wawili wa safari walikuwa wameyaona yote kwa macho yao, na bado Polly aliamini, Ben akakataa. Ben akachukua pete ya yule mzee, akataka ivaliwe: kama kweli ni wewe, itakutosha. Haikumtosha. Jibu la Daktari lilikuwa, kwa maneno yangu, kwamba kipepeo akishakunjua mbawa harudi kuenea kwenye ganda lake.

Pete ile ndiyo somo. Mtazamaji nyumbani alikuwa na shaka ile ile, na hadithi ilimpa Ben ili amsemee. Kisha ukaja ushahidi uliomaliza ubishi: Daleki, adui wa siku zote wa Daktari, alimtazama huyu mgeni akamtambua. Rafiki anaweza kudanganywa na huruma yake. Adui hana sababu ya kukusingizia kuwa wewe ndiye.

Jina la jambo hili, kujizalisha upya, lilikuja baadaye, mwaka 1974. Mipaka yake ilikuja mwaka 1976, na chanzo chake ni mwigizaji mwingine. Roger Delgado, aliyeigiza adui aitwaye Master, alikufa kwa ajali ya gari nchini Uturuki mwaka 1973. Waandishi walipotaka kumrudisha Master walimleta kama maiti inayotembea, na ili kueleza kuoza kule wakatunga sheria: watu wa jamii yake, ambayo ni jamii ya Daktari pia, wanaweza kujigeuza mara 12 tu, na Master amezimaliza zote. Mwaka 1976 Daktari alikuwa kwenye uso wake wa nne, kwa hiyo deni lilionekana la mbali. Lilifika Krismasi ya 2013. Ikabidi wakuu wa jamii yake wamtumie awamu nyingine ya maisha kupitia ufa angani. Mimi naona ni kiraka, ila wameshona vizuri.

Kiraka cha mwaka 2023 sikukipenda. Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Kigali aliyekulia Uskoti, aliingia kwa Daktari kugawanyika vipande viwili, yeye na David Tennant wakasimama pamoja, wote wazima. Kama wa zamani haondoki, mtazamaji analilia nini?

Gatwa mwenyewe aliondoka Mei 2025. Mwanga ulipotulia, sura iliyobaki ilikuwa ya Billie Piper, ambaye mwaka 2005 aliigiza Rose, mwenzi wa Daktari. Majina ya waigizaji yalipopita mwishoni, lake liliandikwa bila kutajwa ni nani anayeigizwa. Waandishi wamejiachia mlango wazi.