Pazia Kwanza, Mrija Baadaye

Mfano huu hutumika kuwafundisha wanafunzi wa uuguzi. Mzee aliyevunjika nyonga amelala wodini siku 6 bila kupata choo. Anapewa mofini ya kutuliza maumivu, nayo hulegeza mwendo wa matumbo. Leo shuka lake limelowa kinyesi cha majimaji, na mwanafunzi ameandika: "Anaharisha."

Hapo ndipo kosa linapoanzia. Mara nyingi bonge la kinyesi kigumu huwa limekaa kwenye puru, na majimaji yakapenya pembeni mwake. Mgonjwa akipewa dawa ya kuzuia kuhara, bonge linazidi kukwama. Muuguzi aliyefundishwa hupima taratibu kwa kidole chenye glavu na mafuta ya kulainisha, akalihisi.

Daktari akishaona kwamba utumbo haukuziba, yaani mzee hatapiki wala tumbo halikuvimba na kukaza, huagiza enema, ambayo wengi huiita kupigwa bomba. Sasa mwanafunzi anashika orodha ya hatua, na za mwanzo hazigusi mrija hata kidogo. "Shikamoo mzee." Anajitambulisha, anahakikisha jina, anaeleza kwa sauti ya chini atakachofanya, kisha anangoja ruhusa. Anavuta pazia. Anaweka chombo cha kujisaidia karibu. Anamfunika shuka, akiacha wazi sehemu inayohitajika tu.

Hatua hizi zina kazi mwilini. Mtu aliyeaibishwa au kuogopeshwa hukaza misuli ya njia ya haja kubwa, na mrija unaolazimishwa unaweza kumjeruhi.

Mzee analazwa ubavu wa kushoto, goti la kulia likikunjwa kadiri nyonga inavyoruhusu, kwa sababu sehemu ya mwisho ya utumbo mpana imepinda upande huo. Maji ya chumvi ya dawa huwa ya uvuguvugu: ya moto huunguza, ya baridi huleta msokoto. Mwanafunzi anatoa hewa kwenye mrija, anaupaka mafuta, anamwomba mzee apumue kwa mdomo, kisha anauingiza sentimita 7 hadi 10 kuelekea kitovuni. Mfuko unainuliwa sentimita 30 hadi 45 tu, maji yaingie polepole. Tumbo likisokota, anaushusha mfuko na kusubiri. Kukiwa na maumivu makali, damu au kizunguzungu, anaacha na kumwita daktari.

Mwishoni anamsafisha mzee, anamfunika, anaandika kiasi na ugumu wa kinyesi, na kuuliza kuhusu dawa ya kulainisha choo, ambayo ilifaa ianze pamoja na mofini.

Mgonjwa aliyefedheheka hujizuia haja ijayo, na choo kikafunga tena. Kwa hiyo kazi hii hupimwa kesho yake: je, mzee ameomba chombo mwenyewe?