Namba Mbili za Makala Moja

Natumtazame msahihishaji wa hapa Mlandege mwenye marejeo mia nne ya majarida mezani pake. Vistari vya kurasa havimchoshi: kwa amri moja kompyuta hugeuza 33-52 kuwa 33–52, mradi anwani za tovuti na namba za ISBN ziachwe, kwani humo kistari kifupi ndicho sahihi.

Taabu imo katika juzuu. Mwaka 1994 Swahili Forum I ilitoka Köln ndani ya mfululizo wa Afrikanistische Arbeitspapiere, ikiwa namba 37. Ya pili, mwaka 1995, ikawa namba 42. Hivyo makala moja huorodheshwa mara mbili, juzuu II na juzuu 42, na zote ni kweli.

Kurasa ndizo zinazoifichua. Apange orodha kwa mwaka na ukurasa wa kwanza, wala si kwa juzuu. Pacha zitakaa pamoja. Mwandishi na anwani ya makala vikilingana, afute moja, na inayobaki aiandike kwa namba zote mbili. Mfululizo huo uliishia namba 72, Swahili Forum IX ya 2002. Namba 10 ya 2003 ilijitegemea. Ikipewa namba ya pili, hilo ni kosa.