Ukimya wa Mashine ya Kukatia Chakula: Uchunguzi wa Ulimi wa Kifuniko na Swichi yake

Utangulizi

Mashine ya umeme ya kukatia na kusagia chakula si kitu kigeni tena katika hoteli na nyumba za miji midogo ya nyanda za chai. Pale Chepseon, katika barabara kuu itokayo Nakuru kuelekea Kericho, mashine ya aina hii huweza kukata kabichi na karoti za siku nzima kwa dakika chache. Hata hivyo, kuna hitilafu moja ambayo huwatatiza wengi: mashine imechomekwa, kifuniko kimefungwa, kitufe kimezungushwa, lakini hainguruma wala kutikisika. Wengi huamua papo hapo kwamba mota imeungua. Makala haya yanaeleza kwa nini uamuzi huo mara nyingi si sahihi, na jinsi ya kubaini chanzo halisi.

Kufuli la usalama na sehemu zake

Kisu cha mashine hii huzunguka kwa kasi inayoweza kukata kidole kabla mtu hajahisi maumivu. Kwa sababu hiyo, watengenezaji huweka kile ambacho makala haya yatakiita kufuli la usalama, yaani mpangilio unaozuia umeme usifike kwenye mota mpaka kifuniko kiwe mahali pake.

Katika mashine nyingi, mpangilio huo una sehemu tatu. Ya kwanza ni ulimi, kipande kidogo cha plastiki kinachochomoza ukingoni mwa kifuniko. Ya pili ni kijiti chenye springi, kilichofichwa ndani ya mpini wa bakuli. Ya tatu ni swichi ndogo iliyo ndani ya kitako cha mashine. Kifuniko kinapozungushwa hadi mwisho, ulimi huingia katika tundu la mpini na kukisukuma kijiti. Kijiti hushuka na kuibonyeza swichi. Nayo swichi huunganisha njia ya umeme. Kiungo kimoja kikikosa kutimiza kazi yake, mashine hunyamaza ingawa mota ni nzima kabisa.

Kugawa tatizo katika pande mbili

Kabla ya kulishuku kufuli, ni sharti kuhakikisha kwamba umeme upo. Soketi ijaribiwe kwa kifaa kingine, na fyuzi iliyo ndani ya plagi ichunguzwe. Iwapo mashine ilizimika yenyewe katikati ya kazi nzito, kama vile kukanda unga wa chapati, iachwe ipoe kwa muda wa nusu saa, kwani baadhi ya mashine hujizima mota inapopata joto kupita kiasi.

Baada ya hapo plagi ichomolewe, kisu kitolewe, na bakuli liondolewe kwenye kitako. Kifuniko kifungwe juu ya bakuli hilo tupu, kisha mtu atazame chini ya mpini. Ncha ya kijiti inapaswa kuchomoza waziwazi kifuniko kinapofika mwisho, na kurudi ndani kinapofunguliwa. Jaribio hili halihitaji chombo chochote, nalo hugawa tatizo katika pande mbili. Kijiti kisipochomoza ipasavyo, kosa liko upande wa kifuniko na bakuli. Kikichomoza na kurudi vizuri, kosa liko upande wa kitako.

Mfano wa upande wa kifuniko

Tuchukue mfano wa hoteli ndogo ya Chepseon ambapo mpishi huosha vyombo kwa maji yanayochemka na, kwa sababu ya baridi ya asubuhi, hukausha kifuniko karibu na jiko. Siku moja mashine inakataa kuwaka. Soketi ni nzima, kwani inachaji simu. Jaribio la kijiti linaonyesha kwamba ncha yake inachungulia tu, haichomozi. Mpishi anakisukuma kijiti kwa mpini wa kijiko kupitia tundu la juu, nacho kinashuka hadi mwisho na kurudi bila kukwama. Kwa hiyo kijiti na springi yake havina kasoro. Ulimi ndio usiokisukuma vya kutosha.

Ulimi unapotazamwa kwenye mwanga, mstari mweupe unaonekana kwenye shina lake. Huo ni ufa. Kila mara kifuniko kinapozungushwa, ulimi unapinda badala ya kusukuma. Joto nalo limeukunja kidogo ukingo wa kifuniko, hivyo ulimi haufiki pale unapotakiwa. Gundi haifai hapa: sehemu hii hubeba nguvu kila siku, na kipande kikibanduka kinaweza kuanguka katika chakula. Dawa yake ni kifuniko kipya, kinachoagizwa kwa kutumia namba ya modeli iliyoandikwa chini ya kitako.

Kama kijiti kingekwama, sababu ya kawaida ingekuwa unga au maji ya mboga yaliyokaukia ndani ya mpini. Hapo bakuli hulowekwa katika maji ya vuguvugu, kijiti kikasukumwa mara kadhaa hadi kilegee, kisha likakaushwa vyema.

Upande wa kitako

Ikiwa kijiti ni kizima, swichi ndiyo hushukiwa. Plagi ikiwa bado imechomolewa, kibonyezo kilicho kwenye kitako kisukumwe kwa kijiti cha mbao. Swichi nyingi hutoa mlio mdogo wa “tik” zinapobonyezwa na zinapoachiliwa. Mlio usiposikika, huenda kibonyezo kimegandishwa na uchafu au swichi imevunjika. Mlio ukisikika, bado haujathibitisha kwamba umeme unapita.

Uthibitisho hupatikana kwa mita ya fundi. Kitako kikishafunguliwa, waya mmoja wa swichi huchomolewa na ukinzani hupimwa kati ya ncha zake mbili. Swichi nzima husoma karibu na omu 0 inapobonyezwa, na huonyesha njia iliyokatika inapoachiliwa. Ikiwa haibadiliki, au usomaji unayumbayumba, ibadilishwe kwa nyingine yenye kiwango kilekile cha volti na ampea kilichochapwa ubavuni mwake.

Swichi hizi huharibiwa mara nyingi na mazoea ya mtumiaji. Mtu anayesimamisha mashine kwa kufungua kifuniko badala ya kuzima kitufe huilazimisha swichi ndogo kukata umeme wa mota inayozunguka. Kila mara cheche huruka ndani yake, na mwishowe nyuso zinazogusana huungua.

Hatari ya kulikwepa kufuli

Kuna wanaosokota kipande cha kijiti na kukikaza kwenye kibonyezo, au kuunganisha nyaya mbili za swichi moja kwa moja. Mashine huwaka, na tatizo huonekana limekwisha. Kumbe kisu sasa kinaweza kuzunguka bakuli likiwa wazi. Umeme ukikatika kitufe kikiwa kimewashwa, mpishi huingiza mkono kutoa kabichi. Umeme unaporudi ghafla, hakuna kinachokizuia kisu. Kuunganisha nyaya kunaweza kumsaidia fundi kujua kosa lilipo, bakuli na kisu vikiwa vimeondolewa, lakini si matengenezo.

Hitimisho

Ukimya wa mashine hii hauna budi kusomwa kwa mpangilio: umeme kwanza, kisha kijiti, kisha ulimi au swichi kulingana na kile ambacho kijiti kimeonyesha. Ikiwa swichi imepimwa ikapatikana nzima na mashine bado haiwaki, hapo ndipo kitufe cha kuwashia na mota yenyewe huanza kuchunguzwa.